Faini ya Barabarani Kutoka Italia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Karatasi, Kifungu cha Kosa, Siku za Kulipa na Rufaa

Watu wengi waliokodi gari Italia hupokea barua ya rejista miezi mingi baada ya kurudi nyumbani, iwe Zanzibar, Maskati au Hamburg. Karatasi imeandikwa Kitaliano, wakati mwingine ikiwa na tafsiri ya Kiingereza, na aliyeipokea huipiga picha akaituma kwa ndugu au rafiki ili asomewe. Maswali haya yanamfaa aliyepokea karatasi na pia anayesomewa picha yake. Tumetumia zaidi mfano wa kuingia na gari katika eneo la katikati ya mji lililofungiwa magari, kwa kuwa ndiyo faini inayowakuta wageni wengi. Kwenye mabango na kwenye karatasi eneo hilo huandikwa ZTL.

Nimetumiwa picha moja tu ya karatasi. Inatosha?

Mara nyingi haitoshi. Ukurasa wa mbele huonyesha kosa na kiasi cha pesa. Namna ya kulipa na maelezo ya rufaa huwa kwenye ukurasa wa pili au nyuma. Omba picha ya kila upande, na uombe bahasha pia pande zote mbili. Bahasha ina namba ya rejista na mhuri wa posta, na siku zote za kulipa na za rufaa huhesabiwa kuanzia tarehe ya kupokea. Tarehe hiyo haichapwi ndani ya karatasi, kwa hiyo aliyeipokea aiandike pembeni siku hiyo hiyo aliyosaini posta.

Picha za WhatsApp hupunguzwa ubora zinapotumwa kama picha, na tarakimu ndogo huvurugika. Mwambie azitume kama faili, akiwa ameilaza karatasi mezani penye mwanga wa dirisha bila kuikunja. Hakikisha kila tarakimu ya namba ya akaunti inasomeka kabla ya kuendelea.

Ukiwa na shaka kati ya herufi na tarakimu, fuata mpangilio. Namba ya gari la Italia ya sasa ni herufi mbili, tarakimu tatu, kisha herufi mbili, na herufi I, O, Q na U hazitumiki. Duara lililo katikati ya namba ni sifuri. Namba ya akaunti ya benki ya Italia, yaani IBAN, ina alama 27. Huanza na IT, zikafuata tarakimu mbili, kisha herufi moja, kisha tarakimu tano za benki na tano za tawi, na mwishoni alama 12 za akaunti yenyewe. Ukihesabu ukapata 26, kuna alama moja haikuonekana kwenye picha.

Nianze kusoma wapi?

Tafuta maneno haya kwa mpangilio huu. "Verbale" ndiyo hati yenyewe ya kosa, na namba iliyo karibu nalo ndiyo utakayoitaja katika malipo na katika barua yoyote. "Targa" ni namba ya gari. "Data" na "ora" ni tarehe na saa ya kosa. Tarehe huanza na siku, kisha mwezi, na saa huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 10:42 ni saa 4:42 asubuhi. "Luogo" ni mahali, na kwa ZTL hutajwa mtaa pamoja na lango la kamera, yaani "varco". Linganisha hayo na mkataba wa gari: je, gari lilikuwa mikononi mwako siku na saa ile?

Baada ya hapo ndipo uende kwenye kifungu cha sheria, kisha kwenye pesa.

"Art. 7, c. 9 e 14 C.d.S." maana yake nini?

Hiyo ndiyo alama ya kosa. Italia haitumii namba fupi ya siri. Hutaja moja kwa moja kifungu cha sheria ya barabarani, ambayo kifupi chake ni C.d.S. "Art." ni kifungu na "c." ni fungu dogo ndani ya kifungu hicho. Kifungu cha 7 kinahusu mamlaka ya mji kuweka masharti ya magari mitaani, na mafungu hayo mawili yanahusu maeneo yenye ukomo wa magari na adhabu ya kuyaingia bila kibali. Kosa hili halikati pointi za leseni.

Vifungu vingine utakavyoviona mara kwa mara ni hivi. Kifungu cha 142 ni mwendokasi, na fungu dogo lake ndilo linaloamua uzito. Fungu la 7 ni kupita kikomo kwa kilomita zisizozidi 10 kwa saa, na faini yake huanzia euro 42. Fungu la 8 ni zaidi ya 10 hadi 40, nayo huanzia euro 173. Kifungu cha 146 fungu la 3 ni kupita taa nyekundu.

Kwa mwendokasi, karatasi huonyesha mwendo uliopimwa na mwendo uliobaki baada ya kupunguza kilomita 5 kwa saa, au asilimia 5 kwa mwendo mkubwa zaidi. Faini hupangwa kwa huo wa pili. Kamera ikipima 107 mahali penye kikomo cha 90, hupunguzwa asilimia 5 na kinachobaki ni takriban 101.65. Hapo umepita kikomo kwa zaidi ya 10, na fungu la 8 ndilo linalotumika. Ikipima 104 hubaki 98.8, na hapo ni fungu la 7. Hesabu hii ifanyike kila mara, kwa sababu tofauti kati ya mafungu hayo mawili ni kubwa. Kosa likifanyika kati ya saa 4 usiku na saa 1 asubuhi, kiasi huongezwa theluthi moja.

Niliona kibao cha taa kimeandikwa "attivo" nikadhani njia ni wazi. Nilikosea wapi?

"Varco attivo" humaanisha kwamba lango linafanya kazi, yaani zuio lipo na kamera inasoma namba. "Varco non attivo" ndiyo ruhusa. Wageni wengi hunaswa hapa. Firenze, kwa mfano, zuio la katikati ya mji siku za kazi huanza saa 1:30 asubuhi hadi saa 2 usiku, na programu za ramani kwenye simu zinaweza kukupitisha humo bila kukuonya. Hilo peke yake halikubaliki kirahisi kama sababu ya rufaa, maana bango la duara jeupe lenye ukingo mwekundu lilikuwapo kabla ya kamera.

Mbona picha ya gari haimo ndani ya barua? Si utapeli huu?

Kukosekana kwa picha si dalili ya utapeli. Italia haitumi picha ya kamera nyumbani kwa mtu, kwa sababu ya kulinda siri za waliomo ndani ya gari. Aliyepewa faini ana haki ya kuiona kwa kuiomba ofisi iliyotoa faini, na miji mingi inayo tovuti ambako unaingiza namba ya hati na namba ya gari ukaiona. Iangalie picha kabla ya kuamua kulipa au kukata rufaa. Kamera husoma namba za gari kwa mashine, na mashine huweza kuchanganya 8 na B.

Dalili za utapeli ni nyingine. Ujumbe mfupi wa simu wenye kiungo cha kulipia, usiotaja mtaa wala namba ya gari, haukubaliki. Akaunti isiyoanza na IT ni ya kutilia shaka. Ukiwa na wasiwasi, usifuate anwani iliyomo ndani ya ujumbe. Tafuta mwenyewe tovuti ya manispaa ya mji uliotajwa, uingie humo, uangalie kama namba ya hati ipo. Kumbuka pia kwamba manispaa nyingi huwapa makampuni ya ukusanyaji kazi ya kuwaandikia wanaoishi nje, kwa hiyo jina la kampuni juu ya barua halitoshi kuifanya ya uongo.

Kampuni ya gari ilikwisha kata pesa kwenye kadi yangu. Kwa nini nadaiwa tena?

Kilichokatwa kwa kawaida si faini. Ni ada ya kampuni kwa kazi ya kuipa polisi ya mji jina na anwani yako, na imo ndani ya mkataba uliosaini. Manispaa huanza kwa kumwandikia mwenye gari, ambaye ni kampuni. Kampuni hujibu kwamba siku hiyo gari lilikuwa kwako, ndipo hati mpya hutumwa kwako. Ndiyo maana ada huonekana kwenye kadi wiki kadhaa baada ya safari, na faini yenyewe ikaja miezi mingi baadaye.

Mwulize mtu anayesema "nimekwisha lipa" alilipa nani na kiasi gani. Stakabadhi ikiwa na jina la kampuni ya magari na maelezo ya huduma, faini bado ipo.

Imechukua miezi tisa kunifikia. Haijapitwa na wakati?

Kwa anayeishi Italia, hati lazima itumwe ndani ya siku 90. Kwa anayeishi nje ya Italia ni siku 360. Kinachoangaliwa kwa upande wa manispaa ni siku waliyoikabidhi posta, si siku barua ilipofika kwako. Kwa gari la kukodi kuna jambo jingine la kuzingatia: siku huhesabiwa kuanzia manispaa ilipopata jina lako kutoka kwa kampuni, maana kabla ya hapo haikuwa na namna ya kujua ni nani aliyeendesha.

Kwa hiyo kabla ya kuandika rufaa ya kuchelewa, tafuta tarehe tatu: ya kosa, ya manispaa kupata jina lako (mara nyingi imetajwa ndani ya hati), na ya kutumwa posta. Kutoka ya pili hadi ya tatu zikizidi 360, una hoja nzito. Zikiwa pungufu, hoja hiyo haitakufikisha popote.

Nina siku ngapi za kulipa, na kwa nini naona kiasi mbili au tatu tofauti?

Tuchukue mfano mmoja hadi mwisho. Gari liliingia ZTL ya Firenze Ijumaa tarehe 14 Juni 2024 saa 4:42 asubuhi. Dereva anaishi Zanzibar, na alisaini barua ya rejista posta Alhamisi tarehe 13 Machi 2025. Kiwango cha chini cha faini ni euro 83 na cha juu ni euro 332. Tuseme gharama za kutuma na kushughulikia hati, zilizoandikwa "spese", ni euro 22.

Akilipa ndani ya siku 5 anapunguziwa asilimia 30 ya kile kiwango cha chini. 83 inakuwa 58.10, ukiongeza gharama za 22 anadaiwa euro 80.10. Punguzo haligusi gharama, na hapo ndipo watu hukosea wakapunguza asilimia 30 ya jumla yote na malipo yakawa pungufu. Siku ya kupokea haihesabiwi, kwa hiyo siku ya kwanza ni tarehe 14 na ya tano ni Jumanne tarehe 18 Machi.

Baada ya hapo, hadi siku ya 60, analipa 83 na 22, jumla euro 105. Siku ya 60 ni Jumatatu tarehe 12 Mei 2025.

Siku 60 zikipita bila malipo wala rufaa, kiasi hupanda hadi nusu ya kiwango cha juu. Nusu ya 332 ni 166, na pamoja na gharama inakuwa euro 188. Hati yenyewe sasa inakuwa na nguvu ya kudaiwa kisheria, na ucheleweshaji unaoendelea huongeza asilimia 10 kila miezi sita.

Punguzo la siku 5 halipo kwa makosa mazito yanayofungiwa leseni, kama vile kupita kikomo cha mwendo kwa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Hati ya namna hiyo haitaonyesha kiasi cha punguzo, na usilibuni mwenyewe.

Nalipaje nikiwa nje ya Italia?

Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kadi kupitia tovuti iliyotajwa kwenye hati, na ndiyo bora, kwa sababu stakabadhi hutoka papo hapo na pesa hazipungui njiani. Mfumo wa pagoPA, unaotumia namba ya tarakimu 18 na msimbo wa mraba wa kuchanganua kwa simu, umetengenezwa kwa benki za Italia. Benki ya nje inaweza isiutambue, lakini ukurasa wake wa kadi kwa kawaida hukubali kadi za kigeni.

Ya pili ni kutuma kwa benki kwa IBAN na BIC, yaani alama ya kuitambulisha benki, zilizo kwenye karatasi. Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni makato. Pesa zikitoka benki ya Dar es Salaam au Maskati hupita benki ya kati, nayo hukata ada yake, hivyo euro 80.10 zinaweza kufika zikiwa pungufu. Malipo pungufu hayafungi deni. Huhesabiwa kama sehemu tu, na siku 60 zikipita salio hudaiwa kwa hesabu ya nusu ya kiwango cha juu. Iambie benki wazi kwamba mtumaji anabeba ada zote, ambalo ndilo chaguo la OUR kwenye fomu.

Mtego wa pili ni siku. Kwa malipo ya benki yanayofanywa ndani ya muda, sheria inakubali pesa ziingie kwenye akaunti ya manispaa hadi siku mbili baada ya mwisho wa muda. Katika mfano wetu, ziwe zimeingia kufikia tarehe 20 Machi. Uhamisho wa kimataifa unaweza kuchukua siku tatu hadi tano, kwa hiyo aliyebakiza siku mbili atumie kadi au alipe kiasi kamili cha euro 105. Kulipa 80.10 kukafika tarehe 24 ni kupoteza punguzo na kubaki na deni.

Kwenye nafasi ya maelezo ya malipo andika namba ya hati, tarehe yake na namba ya gari, bila kitu kingine:

```
VERBALE N. [namba] DEL [siku/mwezi/mwaka] TARGA [namba ya gari]
```

Bila hayo pesa huingia kwenye akaunti ya manispaa bila kuunganishwa na faini yako, na barua ya deni huja tena mwaka unaofuata. Hifadhi uthibitisho wa malipo kwa angalau miaka mitano, kwa kuwa huo ndio muda ambao haki ya kudai faini huendelea.

Nilipe kwanza kupata punguzo, kisha nikate rufaa?

Hapana. Ukilipa, kwa kiasi chochote kati ya hivyo viwili, umefunga mjadala na haki ya rufaa imekwisha. Amua kabla.

Rufaa hupelekwa kwa nani?

Kuna milango miwili, na unachagua mmoja tu.

Mlango wa kwanza ni Prefetto, mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa ulipotokea kosa. Una siku 60 tangu kupokea. Ni bure na huhitaji mwanasheria. Barua inaweza kupitia polisi ya mji iliyotoa faini, au kwenda kwa Prefetto moja kwa moja, kwa rejista yenye kadi ya kurudishwa kuthibitisha imepokelewa. Iandikwe kwa Kitaliano, itaje namba ya hati, ieleze sababu, isainiwe, na iambatane na nakala ya hati, ya pasipoti na ya ushahidi. Barua pepe ya kawaida haihesabiki. Italia hutumia barua pepe maalumu yenye uthibitisho, iitwayo PEC. Prefetto asipotoa uamuzi ndani ya muda aliowekewa, rufaa huhesabiwa kuwa imekubaliwa. Muda huo ni siku 180 kama ulipitia polisi, au 210 kama ulimwandikia moja kwa moja.

Akikataa, hataamuru chini ya mara mbili ya kiwango cha chini. Katika mfano wetu hiyo ni euro 166 na gharama, mahali pa 80.10. Kwa hiyo rufaa hii inawafaa wenye hati ya kuonyesha. Aliyetaka tu kuomba huruma atalipa zaidi.

Mlango wa pili ni Giudice di Pace, hakimu wa mashauri madogo wa mahali pa kosa. Mkazi wa Italia ana siku 30, anayeishi nje ana 60. Kufungua shauri la kiasi kisichozidi euro 1,100 kunagharimu euro 43, na kuna siku ya kusikilizwa ambayo wewe au mwakilishi wako mnapaswa kufika. Kwa faini ya euro 83, aliye Afrika Mashariki ataona safari hiyo hailipi. Kwa aliye Milano au kusini mwa Uswisi, hesabu ni tofauti.

Sababu gani huwa na nguvu?

Ile inayothibitishwa na karatasi. Gari ulikuwa umelirudisha kabla ya saa ile, na mkataba wa kurudisha una saa. Namba iliyo kwenye picha si ya gari lako. Siku 360 zimepita kwa hesabu tuliyoieleza. Au ulikuwa na kibali: hoteli iliyo ndani ya ZTL inaweza kuandikisha namba ya gari la mgeni wake ili aingie kushusha mizigo, na mara nyingine mapokezi husahau au hukosea herufi moja. Hapo iombe hoteli barua inayotaja jina lako, namba ya gari, tarehe na saa ya kufika, uiambatishe na uthibitisho wa kulala hapo. Kulala hotelini peke yake hakutoshi, lazima mtaa wa lango uwe njia ya kufikia hoteli ile.

Ukipokea hati mbili za siku moja, weka saa na majina ya malango sambamba. Zikiwa na saa ile ile na lango lile lile, moja ni nakala, na ofisi yenyewe inaweza kuifuta ukiiandikia na kuambatisha zote mbili. Zikiwa za malango mawili kwa tofauti ya dakika chache katika safari moja, unayo hoja ya kumwekea Prefetto kwamba ni tendo moja, ila usiichukulie kama ya uhakika.

Kutoijua lugha, kupotea, kufuata ramani ya simu, au kukuta watalii wengine wanaingia, hayo hayafuti faini.

Nisipolipa kabisa itakuwaje?

Ndani ya Umoja wa Ulaya kuna utaratibu wa nchi moja kutambua faini ya nyingine kuanzia euro 70, kwa hiyo Mswahili anayeishi Ujerumani au Ubelgiji anaweza kudaiwa na mamlaka za huko huko anakoishi. Utaratibu huo hauihusu Tanzania, Kenya wala Omani. Huko deni hufuatiliwa kwa barua za makampuni ya ukusanyaji, zikiwa na kiasi kilichokwisha kupanda. Deni lenyewe linabaki Italia kwa jina lako, na kwa mtu anayerudi huko kikazi au kukodi gari tena, euro 80.10 za siku tano za mwanzo ni rahisi kuliko 188 na nyongeza zake.